Saa Moja ya Kujenga Uzio Ni Kiasi Gani? Jasho, Zana na Sahani ya Mchana

Nguzo ya mwisho ilikuwa imeshashindiliwa na waya umeshakazwa ndipo ugomvi ulipoanza. Mwenye nyumba alishika karatasi yenye hesabu yake. Kibarua alikuwa ameketi juu ya rundo la mabaki ya miti, mtaimbo wake miguuni na daftari dogo mkononi. Wote wawili walikubaliana kwamba kazi ilichukua saa 48, na kwamba tangu mwanzo waliahidiana malipo ya saa. Lakini karatasi ya mmoja ilisema 312, na daftari la mwenzake likasema 864.

Niliitwa mimi kwa sababu nimefanya kazi ya uzio miaka mingi, kwanza kama mchimba mashimo, baadaye kama msimamizi. Nilipoketi nao niligundua kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja aliamini hesabu yake. Walichokosa ni kutenganisha mambo matatu ambayo watu wengi huyarundika kwenye tarakimu moja: kazi ya mikono, zana, na chakula. Ugomvi wa namna hii nimeushuhudia mara nyingi mno, na karibu kila mara mzizi wake ni huohuo, kwa hiyo nitaufungua hapa mmoja baada ya mwingine kwa kutumia hesabu ya hao wawili.

Tarakimu zangu si fedha ya mahali fulani. Natumia kipimo cha kubuni nitakachokiita sehemu, ili kila msomaji aweke fedha yake. Katika mfano huu, mchimbaji wa kawaida anapokea sehemu 60 kwa siku.

Maneno kwanza

Kibarua ni mtu anayeajiriwa kwa siku chache au kwa kazi moja, bila ahadi ya kuendelea. Ujira ni malipo ya kazi yake. Ujira wa siku humlipa kwa kufika na kufanya kazi muda uliozoeleka. Ujira wa saa humlipa kwa kila saa anayokuwa chini ya maagizo yako. Kazi ya kipande, ambayo wengine huiita kazi ya mapatano, humlipa kwa kinachokamilika, mathalani kwa kila shimo au kwa uzio mzima, hata kama utachukua siku tatu au kumi.

Tofautisha pia zana na vifaa. Vifaa ni vile vinavyobaki kwenye uzio: nguzo, waya, misumari, saruji kama ipo. Hivyo ni vya mwenye boma na havina mjadala. Zana ni vile vinavyorudi nyumbani jioni: mtaimbo, sururu, koleo, nyundo, msumeno, plaisi, kamba, futi na timazi. Hapo ndipo mjadala ulipo, kwa sababu zana hurudi nyumbani zikiwa zimepungua kidogo, ingawa kwa macho zinaonekana zilezile.

Kosa la kwanza: kugawa siku kwa nane

Mwenye nyumba alieleza hesabu yake kwa utulivu. "Mzee, wachimbaji wote hapa wanapewa 60 kwa siku. Siku ya kazi ni saa nane. Gawa 60 kwa 8, unapata saba na nusu. Zidisha kwa saa 48, ni 360. Nimemlisha mchana siku nane, kila sahani ni 6, toa 48. Inabaki 312."

Hesabu ya kugawanya na kuzidisha haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa kwenye ile nane.

Nane inatokana na jambo la kweli. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kazi za viwandani. Lakini hicho ni kikomo, yaani mpaka wa juu ambao mtu asivukishwe. Hakisemi kwamba kila ujira wa siku unaolipwa duniani ni wa saa nane. Mchimba mashimo anayelipwa 60 huanza, katika mfano wetu, saa 1 asubuhi na kuondoka saa 8 mchana, na katikati ana saa nzima ya kula na kupumzika. Ukiondoa saa hiyo, anafanya kazi saa 6. Hivyo ujira wake wa saa ni 60 kugawa kwa 6, ambayo ni 10.

Fikiria gunia unaloambiwa lina kilo nane, kumbe lina sita. Ukigawa bei ya gunia kwa nane utaona kilo moja ni rahisi, lakini hakuna muuzaji atakayekuuzia kwa bei hiyo. Mwenye nyumba alikuwa amechukua ujira wa saa sita akaunyoosha ufike saa nane, na kwa tendo hilo moja robo nzima ya malipo ya kibarua ilipotea kabla hata hawajafika kwenye zana na chakula.

Siku ya uchimbaji huwa fupi kwa sababu mwili una kikomo chake. Mtu mwenye nguvu huchimba vizuri kwa saa nne au tano za mwanzo. Baadaye mtaimbo unainuliwa chini zaidi, mapumziko yanaongezeka, na shimo lililochukua nusu saa asubuhi linachukua dakika hamsini. Kwa hiyo ukitaka kupata kiwango cha saa, uliza maswali mawili: kibarua wa kazi kama hii analipwa kiasi gani kwa siku, na siku hiyo ina saa ngapi za kazi hasa. Waulize watu watatu au wanne, wakiwemo vibarua wenyewe, maana waajiri husahau lile swali la pili.

Kisha linganisha ulichopata na kima cha chini cha ujira kilichowekwa kisheria mahali ulipo, kama kipo. Bei ya mtaani ikiwa chini ya kima hicho, inafuatwa sheria. Kumbuka pia kwamba kiwango cha saa cha kibarua hakitakiwi kuwa chini ya kile cha mwajiriwa wa kudumu anayefanya kazi ileile. Wa kudumu analipwa akiwa likizo na mara nyingi akiwa mgonjwa. Kibarua hana hayo. Siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chochote. Australia, kwa mfano, imezoeleka kumwongezea kibarua asilimia 25 juu ya kiwango cha saa kwa sababu hiyohiyo. Watu wengi hufikiri kinyume chake, kwamba kwa kuwa huyu ni wa muda basi ndiye wa bei ya chini.

Uzio mmoja, kazi mbili

Sasa tumgeukie kibarua. Yeye alizidisha saa zake 48 kwa 18, kiwango cha fundi, akapata 864. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna fundi mwingine aliyekanyaga pale: alipima mwenyewe, akanyoosha mstari na kukaza waya. Hilo nalo lilikuwa kweli, ila si kwa saa zote 48.

Tulitembea kando ya uzio nikahesabu naye. Boma lilikuwa la mita 30 kwa 20, mzunguko wa mita 100. Ukiondoa mita 4 za lango, zinabaki 96. Nguzo zilisimama kila baada ya mita 3 hivi, kwa hiyo nafasi ni 32 na nguzo ni 33, pamoja na mbili za lango. Kila shimo lina kina cha sentimita 60. Kila kona ina mihimili miwili ya kuegemea, mmoja kwa kila upande unakovuta waya, na kila nguzo ya lango ina mmoja. Jumla ni mihimili 10. Waya wa miba ulipita mistari mitano.

Saa zake ziligawanyika hivi. Kupima, kupiga vigingi na kuvuta kamba kulichukua saa 3. Mashimo 33, kwa wastani wa nusu saa kila moja katika udongo laini wa pale, yalichukua saa 16 na nusu. Kusimamisha nguzo na kushindilia udongo, dakika 20 kwa kila moja, ni saa 11. Mihimili kumi, dakika 45 kwa kila mmoja, ni saa 7 na nusu. Kutandaza, kukaza na kupigilia waya kulichukua saa 10, akisaidiwa na kijana wa nyumbani kushika upande wa pili. Jumla ni 48.

Kati ya hizo, ni saa zipi zinazohitaji ujuzi wa fundi? Kupima, kwa hakika: ukikosea pembe siku ya kwanza, boma zima linakwenda upande. Mihimili nayo, kwa sababu waya uliokazwa huvuta nguzo ya kona mchana na usiku bila kupumzika, na mhimili uliokatwa vibaya huanza kuteleza baada ya mvua chache. Na katika zile saa 10 za waya, saa moja na nusu hivi ni ya kukaza kwenyewe. Zilizobaki ni kutandaza na kupigilia misumari. Hivyo saa za fundi ni 3, 7 na nusu, na 1 na nusu, jumla 12. Saa 36 zilizobaki ni za nguvu, ambazo mchimbaji yeyote mwenye bidii angezifanya.

Saa 12 kwa kiwango cha 18 ni 216. Saa 36 kwa kiwango cha 10 ni 360. Jumla ni 576, na ukigawa kwa saa 48 unapata 12 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha haki cha kazi ya mikono kwa uzio ule: kiko juu ya cha mchimbaji na chini ya cha fundi, kwa kuwa mtu huyo alikuwa vyote viwili kwa kupokezana.

Napendelea kiwango kimoja cha mchanganyiko kama hiki kuliko kumwandikia mtu viwango viwili. Ukiweka viwili, kila jioni mtabishana ni saa ipi ilikuwa ya ufundi. Fanyeni makadirio pamoja kabla ya kuanza, pateni tarakimu moja, muishike hadi mwisho.

Zana: nani anaulipia mtaimbo unaoisha?

Mwenye nyumba hakuwa na zana hata moja. Kibarua alikuja na zake zote. Nilipouliza kuhusu wale wachimbaji wa 60 kwa siku, jibu lilikuwa kwamba huja mikono mitupu na kukuta zana za mwenye kazi. Hapo hesabu inabadilika, kwa sababu ulinganisho wa haki ni wa vitu vinavyofanana. Anayekuja na mtaimbo wake anakuletea kazi pamoja na mali.

Namna ya kuhesabu mali hiyo si ngumu. Chukua gharama ya kununua zana zote zinazotumika, ugawe kwa saa ambazo zinaweza kufanya kazi kabla ya kuhitaji nyingine. Tuseme seti nzima ina thamani ya sehemu 480 na inahimili saa 600 za kazi ya namna hii. Hiyo ni 0.8 kwa saa. Ongeza 0.2 kwa kunoa msumeno, kubadilisha mpini wa sururu na kamba iliyokatika. Inakuwa sehemu 1 kwa saa. Kwa saa 48 ni sehemu 48, karibu na ujira wa siku moja ya mchimbaji.

Kwenye ardhi yenye mawe, maisha ya zana hupungua sana. Nimewahi kuona ncha ya mtaimbo ikijikunja kwa asubuhi moja kama kidole cha mzee. Hapo sehemu 1 kwa saa haitoshi. Njia nyepesi ni kukubaliana kwamba zana ikivunjika au kupinda kwenye shimo lako, unailipia matengenezo yake papo hapo, mbali na ile ada ya kuchakaa.

Kinyume chake je? Ukiwa na zana zako na kibarua akaja mikono mitupu, usimkate chochote. Hakukodi koleo lako. Unamtaka achimbe, na kuchimba kunahitaji koleo. Usimkate pia mpini ukivunjika katika matumizi ya kawaida. Uzembe wa makusudi ni jambo lingine, lakini mpini mkuukuu ukikatika, huo ulikuwa unakatika kwa zamu yako au yake.

Glovu, buti na miwani ya kukinga macho ni jambo la tatu ambalo halimo kwenye ada ya zana. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Waya wa miba uliokazwa ukiponyoka hurudi kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuikwepa. Miwani hiyo nunua wewe, ibaki kwako kwa kazi nyingine.

Kuna jambo moja kuhusu zana na malipo ya saa ambalo waajiri huligundua wakiwa wamechelewa. Malipo yakiwa ya saa, zana mbovu zinakugharimu wewe. Shimo la sentimita 60 si jembe la kawaida litakalolichimba vizuri: mpini wake unalazimisha shimo liwe pana ili mtu ainame ndani, na udongo unaotolewa ni mara mbili ya unaohitajika. Mtaimbo mzito wenye ncha na koleo jembamba la mpini mrefu hutoa shimo la upana wa nguzo pamoja na kiganja kila upande, kwa nusu ya muda. Basi kabla ya kubishia sehemu 1 ya zana, zitazame zana zenyewe. Kibarua mwenye zana nzuri anaweza kukupunguzia saa nyingi kuliko ada anayodai.

Sahani ya mchana

Hapa ndipo hisia huwaka zaidi. "Nimemlisha" ni neno zito, na mwenye kulisha anahisi ametoa zaidi ya haki. Mwenye kula naye anahisi kwamba chakula ukiletewa kwa ukarimu, kisha ukakutana nacho kwenye hesabu, basi umeuziwa kitu ambacho hukukinunua.

Swali la kwanza ni hili: ujira uliotajwa ni wa kula au wa kujitegemea? Mahali pengine ujira wa siku unaotajwa tayari unachukulia kwamba mwenye kazi atalisha. Ukilisha hapo kisha ukakata, umekata mara mbili. Mahali pengine ujira ni wa kujitegemea, kila mtu na chakula chake. Hapo mnaweza kukubaliana kwamba utalisha na kupunguza kidogo, au utalisha bila kupunguza kitu. Njia zote zinaweza kuwa za haki, sharti ijulikane ni ipi kabla ya shimo la kwanza.

Swali la pili ni thamani. Sahani ihesabiwe kwa gharama yake kwako, yaani kile kilichoongezeka kwenye chungu kwa sababu ya mtu mmoja zaidi. Usiweke bei ya mgahawani, kwa sababu hukumpa nafasi ya kuchagua. Mkataba namba 95 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1949, kuhusu kulinda ujira unaruhusu sehemu tu ya ujira ilipwe kwa vitu, pale panapozoeleka, na unataka vitu hivyo vimfae mfanyakazi na familia yake na thamani yake iwe ya haki na ya kuridhisha. Mkataba huohuo unakataza kabisa kulipa ujira kwa pombe kali. Nimeutaja kwa sababu bado wapo wanaomalizia malipo ya kibarua kwa chupa wakidhani wamemfurahisha.

Neno "familia" katika mkataba huo nimelifikiria sana. Sahani anayoila mtu mchana inashibisha tumbo moja. Fedha unayoikata kwa ajili ya sahani hiyo ingeweza kwenda nyumbani kwa matumbo manne. Ndiyo maana hata chakula kizuri hakina thamani kamili ya fedha machoni pa anayekila, na ndiyo maana nashauri kato la chakula, kama lipo, liwe dogo. Asiyekitaka chakula chako, kwa sababu za afya au za imani, apewe ujira wake mzima bila kununiwa.

Maji ya kunywa hayamo kwenye chakula. Mtu anayechimba anatoka jasho kwa kazi yako; maji ni ya kazi kama kamba na vigingi.

Saa ya kula nayo ina utata wake. Ikiwa ni saa nzima ambayo yuko huru kulala kivulini au kwenda zake, si saa ya kulipwa. Lakini jiko likichelewa, akaambiwa "ngoja kidogo, kinaiva", akakaa dakika arobaini huku mtaimbo umelala, huko ni kungoja kwa agizo lako. Vivyo hivyo akingoja nguzo ambazo gari halijazileta. Mapumziko mafupi ya kunywa maji, dakika kumi au kumi na tano, ni sehemu ya kazi. Bila hayo hakuna mtu anayechimba saa sita. Na mvua ikinyesha saa moja baada ya yeye kufika, usimlipe saa moja. Amekwishaacha kazi nyingine kwa ajili yako. Mimi hukubaliana mapema kwamba akishafika, hatalipwa chini ya nusu ya siku.

Hesabu iliyowapatanisha

Tukarudi kwenye karatasi na daftari. Kazi ya mikono ilikuwa 12 kwa saa, zana 1, jumla 13. Kwa saa 48 ni 624.

Chakula je? Sahani nane kwa 6 kila moja ni 48, na bei hiyo ya sahani haikuwa mbaya. Kama wangekubaliana mapema kukata, malipo ya mkononi yangekuwa 576. Lakini hawakukubaliana. Nilimuuliza mwenye nyumba kama alimwambia kijana huyo kibarua siku ya kwanza kwamba chakula kitakatwa. Akanyamaza, kisha akasema hapana, alidhani inajulikana. Kwa maoni yangu, kato ambalo halikutajwa kabla sahani haijaliwa haliwezi kutajwa baada ya kuliwa, kwa kuwa mlaji hana tena namna ya kukataa.

Akauliza kwa nini basi zana zilipwe wakati nazo hazikutajwa. Swali lilikuwa la haki. Tofauti ni kwamba kiwango walichokipatania kilikuwa "kama wanavyolipwa wengine," na wale wengine hawaji na zana. Kibarua hakuomba nyongeza juu ya wenzake. Alikuwa anadai kilichowafanya wawe sawa. Hata hivyo nilimwambia kijana naye kwamba kosa lake ni kutolisema siku alipoufikisha mtaimbo getini.

Kwa hiyo 624 ikakaa kati ya 312 na 864. Mwenye nyumba alishtuka kuona ni mara mbili ya hesabu yake, ingawa alikuwa na makosa matatu tu: saa nane badala ya sita, kiwango cha mchimbaji peke yake, na kusahau zana kisha kukumbuka chakula.

"Wa saa atanizembea"

Huo ndio woga mkubwa wa waajiri, na ndio unaowasukuma kwenye kazi ya kipande. Kipande kina mahali pake, lakini kwenye uzio kina hatari ambayo haionekani mpaka mwaka upite. Anayelipwa kwa shimo ana sababu ya kulifupisha. Nguzo ya mita 2 na sentimita 10 iliyozama sentimita 60 inaacha mita 1 na nusu juu ya ardhi. Ikizama 45, inabaki juu kwa sentimita 15 zaidi, na kwenye ardhi tambarare utaiona ukitazama kwa mstari. Isipokuwa kama kichwa chake kimekatwa msumeno ili kilingane na wenzake. Ukiona vichwa vya nguzo vimekatwa upya na vipande vifupi vya mti vimetupwa pembeni, pima urefu wa vipande hivyo. Ndio upungufu wa kina cha shimo.

Anayelipwa kwa saa hana sababu ya kufupisha shimo. Uzembe wake, kama upo, utauona kwa idadi. Siku ya kwanza mchimbe pamoja mashimo matatu katika pembe tofauti za boma, mkiangalia saa. Hayo yatakupa wastani wa udongo wako. Baada ya hapo, mtu anayechimba mashimo tisa au kumi kwa siku mahali ambapo wastani ni nusu saa, hazembei. Muda wa kunywa maji na kuchoka umo humo. Akitoa manne, nenda ukaangalie. Huenda amekutana na mwamba.

Mwamba huo ndio hoja yangu kubwa ya kulipa kwa saa. Kama kila shimo la boma lile lingechukua saa moja na nusu, kazi ingeongezeka saa 33. Ardhi ni ya mwenye boma, na kilichomo chini yake ni chake. Si haki kibarua abebe gharama ya jiwe ambalo hakuna aliyelijua. Lakini si haki pia mwenye boma ashtukizwe mwishoni. Wekeni kikomo cha kuitana: shimo likizidi saa moja, kibarua anasimama na kuita, mnaamua kama linasogezwa, linamwagiwa maji usiku kucha, au linaendelea.

Akizidisha saa mlizokubaliana kwa siku kwa sababu umemwomba amalizie, saa hizo ziwe na nyongeza. Mkataba ule wa 1919 unataka saa za ziada zilipwe angalau moja na robo ya kiwango cha kawaida, na robo ni mahali pazuri pa kuanzia hata kama siku yenu ni fupi kuliko nane. Kwa kiwango cha 12, saa ya ziada ni 15, pamoja na ile 1 ya zana.

Yote haya yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: kiwango cha kazi, ada ya zana, chakula kinakatwa au hakikatwi, siku ina saa ngapi. Chini yake, kila jioni, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya mashimo au nguzo, na alama ya kila mmoja. Kijana yule alikuwa na nusu ya pili ya ukurasa huo, imeandikwa vizuri kwa penseli, siku zote nane. Ile nusu ya kwanza ndiyo iliyokosekana.

Mwenye nyumba alilipa 400 jioni ileile na zilizobaki kesho yake asubuhi. Kijana alizihesabu, akaandika jumla chini ya mstari wa mwisho, akaurudisha mtaimbo begani. Kisha akageuka kuuliza kama lango litafungwa na yeye au na mtu mwingine, na kama litafungwa na yeye, ni kwa saa au kwa kipande.